Nilivyopunguza maneno kwenye slaidi za wawekezaji

Biashara yetu ni kukodisha kreti za plastiki kwa wanaosafirisha nyanya kutoka Ilula, Iringa, hadi soko la Ilala, Dar es Salaam. Tulipopata miadi ya kwanza na wawekezaji nilikuwa na slaidi 14 nilizozijaza kwa wiki mbili, na nilizipenda. Usiku mmoja nikamwonyesha wifi yangu, ambaye ni mhasibu. Aliitazama slaidi ya maendeleo kwa muda, kisha akaniuliza, "Wifi, hapa unataka niamini nini?" Nilianza kumweleza, nikajikuta namwambia mambo manne.

Kesho yake nikachukua karatasi na kuandika vichwa vya slaidi peke yake, kimoja chini ya kingine: Tatizo, Suluhisho, Soko, Maendeleo, Timu. Vichwa hivyo vingeweza kuwa vya kampuni yoyote. Hapo ndipo nilipoona kosa lilipo. Kichwa kilitaja mada, halafu ujumbe wenyewe nikauacha ujifiche katikati ya aya, mwekezaji autafute mwenyewe.

Kwa hiyo sikuanza kwa kufuta. Nilianza kwa kuandika upya kila kichwa kiwe sentensi kamili inayodai jambo. "Tatizo" likawa "Tenga la mbao linaponda nyanya kabla hazijafika sokoni." Sentensi ikishasimama, kufuta kunakuwa kwepesi, kwa sababu kila mstari ulio chini yake unaupima kwa swali moja: unaithibitisha sentensi hii au la? Kwenye slaidi hiyo nilikuwa na historia ya kilimo cha nyanya, hali ya barabara na bei za msimu. Vyote vikatoka. Ikabaki picha ya tenga lililofunguliwa Ilala, nyanya za chini zikivuja maji, na mstari mmoja wa hesabu yetu: kati ya matenga 400 tuliyoyakagua, 52 yalikuwa na nyanya zilizopondeka.

Neno lililonisaidia kuliko yote ni "na". Kichwa kikishindwa kukamilika bila "na", mara nyingi nilikuwa na slaidi mbili zilizobanwa kwenye moja. "Tunatafuta shilingi milioni 180 kununua kreti 9,000 na tuna timu yenye uzoefu" nilikigawa papo hapo. Ndiyo maana mwanzoni slaidi ziliongezeka, zikafika 17, nikaogopa. Kisha nikasoma vichwa vyote mfululizo kama hadithi, na kila kilichokatiza hadithi nikakihamishia kwenye kiambatisho, nyuma ya slaidi ya mwisho. Jedwali la matumizi lilikwenda huko, na washindani wadogo pia. Mbele zikabaki 11.

Slaidi ya maendeleo ndiyo iliyonitoa jasho. Ilikuwa na grafu ya mistari mitatu: mapato, wateja na kreti. Nilijiuliza nikiruhusiwa kubakiza jambo moja tu ningebakiza lipi, nikachagua kwamba wateja wanarudi. Nikafuta grafu yote na kuandika kwa herufi kubwa: "Asilimia 78 wanarudi." Niliona nimemaliza kazi. Wifi akakataa. "Asilimia 78 ya wangapi? Wanarudi baada ya muda gani?" Alikuwa sahihi kabisa. Nilikuwa nimekata hadi kwenye mfupa, na namba isiyo na jumla yake wala muda wake inamtia mwekezaji wasiwasi kuliko aya ndefu. Nikaandika: "Kati ya wateja 40 wa kwanza, 31 walikodi tena ndani ya siku 60." Maneno yaliongezeka, ila ujumbe ulibaki mmoja, na sasa unahesabika. Tangu hapo, ninapopunguza, sigusi vitu vitatu: kipimo, muda, na jumla ambayo namba imetolewa.

Maelezo niliyoyatoa sikuyatupa. Niliyaweka kwenye Notes chini ya kila slaidi ndani ya PowerPoint, niyaseme kwa mdomo. Lakini faili la kutuma kwa barua pepe nililitengeneza tofauti, kwa sababu anayelisoma ofisini kwake hanisikii. Vichwa ni vilevile, ila chini ya kila kimoja niliongeza sentensi mbili au tatu kutoka kwenye maelezo hayo.

Siku ya kikao, mwekezaji mmoja alisimama kwenye slaidi ile ya wateja. "Dada, hao tisa wengine wamekwenda wapi?" Nikaruka hadi kwenye kiambatisho, ambako nilikuwa nimeiweka hesabu yao: sita msimu wao ulikuwa umekwisha, watatu walirudi kwenye matenga ya mbao kwa sababu kreti zetu zilichelewa kufika Ilula. Tukazungumzia hao watatu karibu nusu ya muda wote uliobaki.