Onyo la kuchelewa kazini: barua iliyosainiwa bila ubishi

Mfanyakazi mmoja wa zamu yangu alikuwa akichelewa mara kwa mara, na maonyo ya mdomo yalipita tu. Barua ya kwanza, yenye maneno "una tabia mbaya" na "umetuvunja moyo", ilirudi bila saini. Tukabaki kubishana kuhusu tabia badala ya saa. Nilipoilainisha, ikasomeka kama ombi.

Kilichofaa ni kuanza na daftari la mahudhurio. Kila tukio nililiandikia mstari wake: "Jumatatu tarehe 4: zamu saa 2:00 asubuhi, ulifika saa 2:25." Saa hizo mbili zikikaa pamoja, "umechelewa sana" haihitajiki tena. Kabla ya kuandika nilimuuliza sababu. Siku moja alikuwa na ruhusa, nikaiondoa, maana mstari mmoja wenye kasoro huangusha barua nzima.

Kisha matarajio: "Kuanzia kesho uwe kituoni saa 2:00, tayari kwa kazi. Ukipata dharura, mpigie msimamizi kabla ya saa hiyo." Halafu matokeo: "Ukichelewa tena bila ruhusa ndani ya miezi 3, utapewa onyo la mwisho." Niliandika hatua iliyomo kwenye kanuni za kazi tu, kumtishia mtu kufukuzwa nje ya utaratibu hakutekelezeki.

Juu ya nafasi ya saini niliongeza: "Saini inathibitisha kupokea barua, si kukubali yaliyomo," pamoja na mistari mitupu ya maelezo yake. Akasaini hapo hapo.