Nilivyoondoa ukijivu kwenye picha za skrini zilizopigwa HDR ikiwa imewashwa

Kazi yangu ya kuandaa miongozo ya programu hunilazimu kupiga picha nyingi za skrini, na tangu nilipoanza kutumia skrini yenye HDR, yaani inayoonyesha mwangaza wa upeo mpana kuliko wa kawaida, kwenye Windows 11, picha hizo zilianza kutoka zikiwa zimefifia. Nyeupe ilikuwa ya kijivu, nyekundu ilielekea hudhurungi, na maandishi meusi yalionekana kana kwamba yamefunikwa na ukungu, ingawa skrini yenyewe ilionyesha kila kitu kikiwa safi kabisa. Programu ya kupigia picha niliyoitumia sitaitaja, kwa sababu tatizo lenyewe linaweza kutokea katika programu yoyote inayochukua fremu bila kujali jinsi rangi zake zilivyosimbwa.

Ushauri ulio rahisi kupatikana ni wa kuongeza ukolezi wa rangi na kuupandisha mwangaza katika programu ya kuhariri picha. Sikuufuata, kwa kuwa huwezi kurekebisha rangi kwa macho kabla ya kujua namba za pikseli zimebadilishwa namna gani. Badala yake nilitengeneza picha ya majaribio yenye mistari minne mipana: kijivu cha thamani 64, kijivu cha 128, nyeupe ya 255, na nyekundu kamili, yaani 255, 0, 0. Niliifungua kwenye skrini HDR ikiwa imewashwa, nikaipiga picha, kisha nikasoma thamani za pikseli katika faili iliyopatikana kwa kile kifaa cha kuchagulia rangi ambacho kila programu ya kuhariri picha huwa nacho. Faida ya kusoma namba ni kwamba jicho hudanganywa na skrini inayolitazama, lakini namba iliyomo ndani ya faili haibadiliki.

Kabla ya jaribio nilikuwa nimeweka kitelezi kiitwacho `SDR content brightness`, kinachopatikana katika mipangilio ya HDR, kwenye 30. Kitelezi hicho ndicho kinachoamua nyeupe ya kawaida ya madirisha na kurasa iwe na mwangaza kiasi gani: kwenye 0 huwa niti 80, niti ikiwa ni kipimo cha mwangaza wa skrini, kwenye 100 huwa niti 480, na kwa hiyo kwenye 30 huwa niti 200. Ni vizuri kukijua kiasi hicho, kwa sababu ndicho kipimo cha hesabu yote inayofuata.

Nyeupe ya 255 ilisomeka karibu na 148. Kijivu cha 128 kilikuwa 109 hivi, na kile cha 64, badala ya kushuka kama wenzake, kilikuwa kimepanda hadi karibu 77. Nyekundu ilikuwa takribani 135, 83, 56, ambayo kweli ni hudhurungi. Namba hizi zilitosha kunionyesha chanzo. Fremu inayopelekwa kwenye skrini ya HDR husimbwa kwa mkunjo uitwao PQ, ambao hugawa namba zake kwa mwangaza wote kuanzia giza kabisa hadi niti 10,000. Niti 200 ni sehemu ndogo mno ya upeo huo, na katika mkunjo wa PQ huangukia kwenye asilimia 58 hivi, ambayo katika biti 8 ni 148. Programu ilikuwa imeandika namba za PQ moja kwa moja ndani ya faili la PNG bila kuzibadilisha na bila kuweka alama yoyote ya kusema kwamba ni za PQ, na kila kisomaji cha picha kikazichukulia kuwa ni za sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za picha. Umbali kati ya kijivu cha 64 na nyeupe, ambao ulikuwa hatua 191, ulibanwa ukawa hatua 71; ule ukungu niliouona ni mbano huo. Nyekundu nayo iliharibika mara mbili, kwa sababu fremu ya HDR huandikwa kwa rangi za msingi za BT.2020, ambazo ni pana kuliko za sRGB, na nyekundu ya sRGB ikiandikwa humo huchanganywa na kijani na bluu kidogo, kisha PQ hukuza hicho kidogo.

Ni lazima kutofautisha hali hii na nyingine ambayo watu pia huiita kufifia. Kuna programu ambazo huchukua fremu kabla haijasimbwa kwa PQ, ambapo 1.0 inamaanisha niti 80, na hukata chochote kinachozidi hapo. Nyeupe yangu ya niti 200 ni 2.5 kwa kipimo hicho, kwa hiyo kijivu cha 128 hupanda hadi 194 hivi, na kila kilichokuwa juu ya 170 huwa 255 tupu. Picha ya namna hiyo haina ukijivu bali imeungua kwa weupe, na mistari myembamba ya kijivu kwenye jedwali hupotea kabisa. Kwa hiyo pikseli ya nyeupe ndiyo ya kusomwa kwanza: ikiwa chini sana ya 255, namba ni za PQ na zinaweza kurudishwa, ikiwa ni 255 huku kijivu kikiwa kimepanda, kilichokatwa hakirudi, na picha haina budi kupigwa upya.

Picha zangu za kijivu nilizirudisha kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video na picha kwa amri za maandishi, nikiitajia wazi kwamba kinachoingia ni PQ na BT.2020, na kwamba nyeupe ni niti 200:

```
ffmpeg -i kijivu.png -vf "zscale=min=gbr:rin=full:pin=bt2020:tin=smpte2084:m=gbr:r=full:p=bt709:t=linear:npl=200,format=gbrpf32le,zscale=tin=linear:t=iec61966-2-1,format=gbrp" safi.png
```

Namba ya `npl` ndiyo ya kubadilisha kulingana na kitelezi chako. Mistari ya majaribio ilirudi karibu sana na thamani zake za mwanzo, isipokuwa tofauti ndogondogo za kukadiria. Hata hivyo, hatua 71 zikitandazwa tena kuwa 191 huacha mapengo, na kwenye mandharinyuma yenye rangi inayobadilika polepole niliona michirizi. Kwa maandishi na vitufe haina madhara, lakini kwa picha za mandhari nisingeiridhia, isipokuwa faili la asili liwe la biti 16.

Kwa picha mpya nimechagua njia nyepesi zaidi: nabonyeza `Win+Alt+B` kuzima HDR, napiga, kisha nabonyeza tena kuiwasha. Skrini huwa nyeusi kwa muda mfupi, na menyu iliyofunguliwa inaweza kujifunga, jambo linaloudhi unapotaka kupiga picha ya menyu hiyohiyo. Hapo hutumia `Snipping Tool` baada ya kuwasha `HDR screenshot color corrector` katika mipangilio yake, na kila baada ya sasisho huirudia ile picha ya mistari minne kuhakikisha kwamba nyeupe bado ni 255 na kijivu bado kiko karibu na 128.

Michezo na video zenye HDR halisi haziingii katika utaratibu huo, kwa sababu ukizima HDR mchezo wenyewe huchora upya kwa namna nyingine. Hizo huzipiga kwa `Win+Alt+PrtScn`, ambayo HDR ikiwa imewashwa huhifadhi faili la JXR lenye mwangaza wote pamoja na PNG ya kawaida, na lile la JXR ndilo ninalolitunza.