Mota ya nyuma kushoto iliyochelewa kuamka

Hatimaye mota zote nne zinaanza kuzunguka kwa pamoja, na droni yangu ya mikono minne imekubali kuamshwa kwa mara ya kwanza hapa Chumbageni, Tanga, ingawa bado haijavishwa propela. Ninaandika kumbukumbu hii kwa ajili ya mota moja tu, ile ya nyuma kushoto, ambayo ilinisumbua kuliko kazi nyingine zote zikijumlishwa.

Mwelekeo wa mota haukunichukua muda. Katika ukurasa wa `Motor Test` wa Mission Planner, programu ya kompyuta ninayoiandalia droni, A ni mota ya mbele kulia, na herufi zinazofuata huizunguka droni kwa mwendo wa saa. A na C zinapaswa kuzunguka kinyume na saa, B na D kwa mwendo wa saa. D ilikuwa inarudi nyuma, nikabadilishana nyaya zake mbili kati ya tatu, ikatii. Jambo linalostahili uangalifu ni kwamba herufi hizo hazifuati namba za matundu ya ubao wa kuongozea droni, unaoendeshwa na programu ya ArduPilot: B imo katika tundu la 4 na C katika tundu la 2. Mota inaweza kuzunguka upande sahihi kabisa huku ikiwa imechomekwa mahali pa mwenzake, na hapo ubao utaongeza nguvu kwenye kona isiyohusika hadi droni ijipindue.

C, yaani ile ya nyuma kushoto, ndiyo iliyokuwa na ukaidi. Kila mota ina kidhibiti mwendo chake, ambacho hufundishwa kwa kusawazishwa ni pigo gani la umeme ni sifuri na lipi ni nguvu kamili. Vidhibiti vitatu ni vya aina moja, navyo nilivisawazisha kwa mkupuo kupitia ubao, ambao hutuma mapigo ya mikrosekunde 1000 hadi 2000. Cha nne ni cha aina nyingine na hakikuitikia njia hiyo, kwa hiyo nilikisawazisha peke yake, waya wake wa ishara ukiwa kwenye tundu la nguvu la risiva, kipokezi cha ishara za rimoti. Kililia milio yote inayotakiwa. Hata hivyo, katika jaribio, mota tatu zilianza kuzunguka kwa asilimia 5, ilhali C ilisubiri mpaka kati ya 13 na 14.

Nilibadilisha mota, nikachomelea upya viungo, na bado ucheleweshaji ulikifuata kidhibiti kilekile popote nilipokihamishia. Jibu lilipatikana katika ukurasa wa `Radio Calibration`, ambako kijiti cha nguvu cha rimoti yangu kilisoma 1094 chini na 1905 juu. Kidhibiti cha nne kilikuwa kimefundishwa kwamba sifuri ni 1094, wakati wenzake wanajua kwamba sifuri ni 1000. Upana wake ni mikrosekunde 811, na asilimia 5 ya upana huo ni takribani 41, hivyo kinahitaji pigo la 1135 ndipo kiiamshe mota. Kwa hesabu ya ubao, hiyo ni asilimia 13.5, yaani kile kile nilichokuwa nikikiona.

Kasoro hiyo si ndogo. Thamani ya awali ya `MOT_SPIN_ARM`, yaani nguvu ya mota droni ikishaamshwa, ni 0.10, sawa na pigo la 1100. Baada ya kuamshwa, mota tatu zingezunguka na ya nne ingebaki imesimama, kisha wakati wa kupaa kona hiyo ingelemea chini.

Niliongeza mipaka ya kijiti ndani ya rimoti mpaka risiva ikasoma 1000 na 2000, nikasawazisha kidhibiti cha nne upya, kisha nikarudia usawazishaji wa rimoti kwa sababu thamani zake za zamani hazikufaa tena. Sasa mota ya mwisho kuamka huanza kwa asilimia 6. Niliongeza 2 kwa mzunguko wa kuamshwa, na 3 zaidi kwa kiwango cha chini cha angani:

```
MOT_SPIN_ARM 0.08
MOT_SPIN_MIN 0.11
```

Kwa maoni yangu, anayenunua vidhibiti leo achukue vinavyoelewa DShot, njia ya kidijitali ya kuvitumia amri. Humo nguvu hutumwa kama namba, si kama urefu wa pigo, kwa hiyo hakuna mipaka ya kufundisha. Vyangu havina uwezo huo.

Kihisi mchapuko kilipita mikao yake sita bila maneno. Dira ilikataa nyumbani, penye nondo sakafuni na mabati juu, kwa ujumbe wa `PreArm: Compasses inconsistent`. Niliizungusha upya kwenye uwanja wazi wa Raskazone na ujumbe ukaondoka. Nilikusudia kupima pia jinsi mkondo wa betri unavyoivuruga dira hiyo, lakini nimeahirisha, kwa kuwa nimeanza kuchonga mlingoti wa bomba la plastiki utakaoiinua mbali na nyaya, na vipimo vya sasa vingekuwa bure baada ya kuihamisha.