Barua pepe ya mdogo wangu

Jana usiku mdogo wangu kanitumia barua pepe yake ya kuombea kazi ya kutunza stoo ya dawa, nimpitishie macho. Nikaifungua sambamba na wasifu wake. Stashahada ya ugavi, miaka 3 kazini, anajua kompyuta: kila sentensi imo kwenye kiambatanisho. Nikamwambia futa yote, tusome tangazo upya.

Tangazo limetaja mara 2 dawa zinazokaribia kuisha muda. Nikamuuliza, kule ulikotoka mlikuwa mnafanyaje? Akaanza kusimulia: maboksi yanayowahi kuisha muda anayaweka mbele, na kila Ijumaa anaorodhesha yaliyobakiza miezi 3 ili watu wa mauzo wayatoe kwanza. Nikamwambia hayo hayo ndiyo uandike! Wasifu wake umesema tu "kusimamia stoo".

Tukaongeza sentensi moja kuhusu ile miezi 8 aliyokaa bila kazi akimuuguza mama, maana msomaji angeliona pengo na kujijazia mwenyewe. Aya 2 fupi, jina la nafasi kwenye kichwa cha barua. Asubuhi hii kaituma.