Kamera ya getini iliyozimika kila magharibi

Kwa miezi miwili kamera za nyumba ya wageni ninayoisimamia hapa Tanga zilijizima na kujiwasha kila jioni, na katika muda huo nilipewa ushauri wa kila aina, karibu wote wa kunipotezea fedha. Fundi wa kwanza alisema umeme wa mtaani unayumba, nami nikanunua UPS iliyonigharimu kama laki mbili. Kamera ziliendelea kuzimika kwa utulivu uleule, safari hii zikiwa zimelindwa vizuri. Fundi wa pili aliniambia, "Mzee, hizi kamera ni feki, tubadilishe zote."

Nilikataa, kwa sababu kamera feki haichagui saa. Mchana kutwa hazikuwa na tatizo lolote. Matatizo yalianza saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linapoingia na taa za infraredi za kamera zinapowaka. Sikutaka kukesha nikizitazama, kwa hiyo saa saba mchana nilipanda ngazi nikabandika tepu nyeusi ya mafundi umeme juu ya kihisi cha mwanga cha kila kamera, moja baada ya nyingine. Nilipofunika ya tano, taa nyekundu iliyoandikwa "PoE MAX" ikawaka kwenye swichi, kile kifaa kinachozipa kamera umeme na data kupitia kebo ileile ya mtandao, na nilipofunika ya sita, kamera iliyochomekwa kwenye mlango wa nane wa swichi ikazimika. Sijawahi kufurahia hitilafu kiasi kile.

Swichi yangu ilikuwa na milango minane, lakini kwa milango yote kwa pamoja ilikuwa na wati 60 tu za kugawa, na hilo hakuna fundi aliyeniambia. Mchana kila kamera ilikula takriban wati 4, na kisambaza Wai-Fai wati 10, jumla kama 34. Usiku kamera tano zilipanda hadi wati 9 kila moja, na ile ya getini yenye taa kubwa hadi 12, hivyo jumla ikawa 67. Swichi ilipoelemewa ilikata mlango wa mwisho. Kamera iliyokatwa ikaanza kuwaka upya taa zake zikiwa bado zimezimwa, ikala kidogo, swichi ikaikubali, kisha taa zikawaka na mzunguko ukaanza tena. Anayetazama kwa mbali huona ni mambo ya bahati nasibu.

Nilinunua swichi ya wati 120. Kamera tano zikatulia, lakini ile ya getini iliendelea na tabia yake.

Hapo nikakumbuka kwamba fundi aliyeifunga alijisifu kwa kubonyeza kitufe cha "Extend" ili kebo ifike mbali. Kitufe hicho hushusha kasi hadi megabiti 10 kwa sekunde ili data ifike hata mita 250, lakini hakiongezi hata volti moja. Niliishusha kamera, nikaiunga kwenye swichi kwa kebo ya mita mbili, nikaifunika kihisi, na ikakaa usiku kucha bila kuzimika. Basi kosa lilikuwa kwenye kebo, nami nikaipima kwa futi kamba: mita 140, wakati kikomo ni mita 100, yaani 90 za kebo ya ukutani na 10 za kuungia vifaa.

Niliikwangua kwa kisu, na chini ya rangi ya shaba nikakuta aluminiamu nyeupe. Nilichomoa pande zote mbili, nikaunganisha nyaya mbili za jozi moja kule getini, nikapima huku kwa mita: omu 70. Kwa kuwa umeme hupita katika nyaya mbili kwenda na mbili kurudi, nusu yake, yaani omu 35, ndiyo iliyokuwa ikinikwamisha. Shaba ya urefu ule ingekuwa kama 12. Sehemu ya upinzani huo ilitoka kwenye kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu katikati ya bustani. Kwa volti 48 za swichi, kamera ikitaka wati 4 mchana ilipata kama volti 45, lakini ilipotaka 12 usiku ilipata kama 36 na nusu, chini ya 37 ambazo kiwango cha 802.3af, cha kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, kinataka kifaa kipate.

Nilivuta kebo mpya ya shaba tupu hadi banda la pampu, mita 80, nikaweka humo swichi ndogo yenye umeme wake, na kutoka hapo mita 60 hadi getini. Boksi la shaba huwa zito kuliko la aluminiamu, kwa hiyo dukani nililinyanyua kwanza kabla ya kuuliza bei. Jumla sikuiandika, lakini nadhani haikuzidi sana bei ya ile UPS, ambayo sasa nimeipa kazi ya kuwasha redio ya mlinzi.