Karabai Nne za Shangazi

Wajerumani waliifikisha reli hii Tabora 1912, na Kigoma 1914. Kwa mwendo tuliokuwa nao usiku ule ungedhani bado wanaitandika. Tuliondoka Tabora tumechelewa, tukapita Usoke na Urambo kwa kusimama kila mara, na tulipofika Kaliua, pale njia ya Mpanda inapochepuka, abiria wengi behewani walikuwa wamelala midomo wazi.

Mbele yangu walikaa babu na bibi waliokuwa wanarudi kwao Kigoma kutoka kumwona binti yao. Bibi alikuwa na dumu la asali ya Tabora, amelibana katikati ya miguu. Nilimwambia nimpandishie juu kwenye mizigo, akanitazama kama mwizi.

Mwezi ulikuwa mpevu, na miombo yote nje ilionekana mti kwa mti. Babu alichungulia dirishani akasema, "Leo Kibirizi hakuna anayetoka."

"Kutoka wapi, babu?" nikauliza.

"Kwenda ziwani, mjukuu wangu. Dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga, taa yako wataifuata ya nini? Wavuvi wanapumzika kama wiki hivi, mpaka giza lirudi."

"Na wewe ndipo ulipokuwa unakula," bibi akadakia.

"Ndiyo. Nilikuwa fundi wa karabai. Wenzangu wakilala, mimi kazi inaanza. Taa za mwalo mzima zinaletwa kwangu."

"Mwezi huo ndio ulioniponza."

"Ulikuponza au ulikupa mume?"

"Nimesema ulichokifanya."

Nikajua hapa hakuna kulala. Nikawauliza walionana vipi mara ya kwanza, na hapo hapo wakatofautiana. Babu alisema 1973. Bibi alisema 1974, mwaka ambao kwao Kasulu watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Yeye alikuwa ameteremka na maharage kwa shangazi yake Kibirizi, ayabadilishe na dagaa.

"Nafika, dagaa hakuna. Mwezi! Vichanja vitupu, mchanga mtupu. Shangazi akaniambia, maadam umekaa bure, zipeleke hizi taa kwa fundi. Karabai nne. Shangazi alikuwa na kipe chake, ile mitumbwi miwili inayofungwa pamoja, wavu unashushwa katikati. Nikazibeba, mbili huku, mbili huku. Nikamkuta huyu ameinama. Nikamsalimu, akaitikia bila kuinua kichwa."

"Nilikuwa natoa ngozi ya pampu."

"Basi siku hiyo mimi sikuihesabu. Mtu hajakuona uso, mmekutana nini?"

"Mimi nilikuona miguu," babu akasema kwa utulivu. "Naihesabu."

Bibi alicheka mpaka mwanamke wa kiti cha nyuma akageuka.

Babu akanieleza alichofanya siku ile, na mikono yake ikawa inaonyesha hewani. Karabai mbili zilikuwa zimekauka ngozi ya pampu. Ngozi ikikauka inasinyaa, unapampu lakini mkono unakwenda tu bila uzito, hewa inarudi nyuma. Unaitoa, unaipaka mafuta, unaitanua kwa kidole, unairudisha. Ya tatu tundu la kupitishia mafuta lilikuwa limeziba masizi, akalizibua kwa sindano nyembamba. Ya nne haikuwa na kitu, ila utambi wa kitambaa ulikuwa umechanika. Akaziwasha zote nne kwa pamoja mlangoni kwake kabla ya kuzitoa.

"Giza likarudi," bibi akaendelea. "Usiku wa kwanza kabisa wanatoka, taa ile inayoning'inia katikati, juu ya wavu, ikazimika. Dagaa walikuwa wameshakusanyika. Wakatawanyika! Kipe kikarudi asubuhi na ndoo ya kulia ugali nyumbani, basi. Shangazi akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyezipeleka. Nikaibeba ile taa mpaka kwake. Nilimtukana, mjukuu wangu. Na wavuvi wamekaa pale wanasikiliza."

"Alinitukana kwa Kiswahili, kikamwishia, akamalizia kwa Kiha," babu akathibitisha.

"Ukanijibu nini?"

"Nilikuuliza swali moja. Taa ilififia polepole, au ilikohoa?"

Hapa babu alinigeukia mimi. Taa yenye pampu mbovu, alisema, inafifia taratibu, ukiipampu inarudi, baadaye inafifia tena. Hiyo ingekuwa aibu yake fundi. Lakini ikikohoa, ikatema tema moto, ikapaaza sauti halafu ikafa, na pampu unaisikia nzito, basi ugomvi wako uko kwenye mafuta.

"Nikamwambia ilikohoa. Ndivyo walivyosema wale vijana," bibi akasema. "Akachukua chupa ya soda, akamimina mafuta ya tangi lile, akaiweka juani. Tukakaa. Hakuna anayesema neno. Baadaye akainyanyua machoni pangu: mafuta juu, maji chini, na katikati mstari kama umechorwa kwa rula."

"Na mafuta yale aliyanunua nani?" babu akauliza.

Bibi akatazama dirishani.

"Mama watoto. Mafuta aliyanunua nani?"

"Nilitumwa! Nikanunua debe, nikazijaza zote nne. Nitajuaje mwenye duka ametia maji?"

Niliuliza mbona tatu ziliwaka vizuri, kama mafuta yalikuwa ya debe moja. Babu alifurahi, nadhani alikuwa analisubiri swali hilo tangu Urambo. Maji ni mazito kuliko mafuta ya taa, yanakaa chini. Taa tatu za mwanzo zilipata mafuta ya juu ya debe. Ya nne ilipata masalia. Na ndani ya karabai yenyewe mrija unanyonya kutoka chini ya tangi, kwa hiyo yakitulia, yanayotangulia kupanda ni maji.

"Basi akavaa shati," bibi akasema, "akachukua ile chupa, tukaenda wote mpaka dukani. Njia nzima hakunisema. Angenisema ningemchukia. Alimwekea mwenye duka chupa mezani tu, akamwambia, dada huyu anataka mafuta yake. Tukapewa. Mimi hiyo ndiyo siku naihesabu."

Treni ilivuka mto Malagarasi wakiwa wamenyamaza, kila mmoja anatafuna karanga zake. Uvinza tulifika kunapambazuka, watu wakawa wanapitisha vifurushi vya chumvi madirishani, na bibi akanunua viwili baada ya kubishana bei kwa muda mrefu kuliko treni ilivyosimama. Ikabidi pesa nyingine zirushwe.

Nilimuuliza babu kama bado anatengeneza. Akasema siku hizi kule ziwani ni taa za betri na sola, kijana anabonyeza tu. Karabai anayo moja nyumbani, huiwasha umeme ukikatika, na ngozi yake anaipaka mafuta mwenyewe.

"Mwambie na habari ya mahari," bibi akamkumbusha.

"Hiyo achana nayo."

"Mwambie."

Babu akashusha pumzi. Alipopeleka washenga, shangazi alikaa upande wa wazee akadai kwamba juu ya mahari ilipwe na thamani ya dagaa waliopotea usiku ule. Washenga wakaeleza habari ya maji, chupa wakaionyesha. Shangazi akasema chupa ameiona, lakini taa ilitoka kwa fundi.

"Ukalipa?"

"Nililipa. Nusu."

"Na hiyo nusu nyingine," bibi akasema, akilivuta dumu lake karibu maana Kigoma ilikuwa haiko mbali, "shangazi amekufa anakudai."