Nilidhani ni samaki aliyeoza, kumbe ni plagi ya ekstensheni

Kwa siku mbili nilitafuta samaki jikoni kwangu. Niliosha kopo la dagaa, nikatoa kila kitu kwenye friji, nikasogeza jiko la gesi na kupiga deki chini yake. Harufu yenyewe ilikuwa inakuja alfajiri tu, kuanzia saa kumi na moja na nusu watoto wanapojiandaa kwenda shule, halafu inapotea. Siku ya tatu niliinama kuokota kijiko kilichoangukia nyuma ya kabati, uso wangu ukawa karibu na plagi ya ekstensheni inayolisha birika la umeme, maikrowevu na tosta, na hapo ndipo nilipoikuta harufu. Ilikuwa plastiki inapikika. Plastiki ya vifaa vya umeme ikipata joto kali mara nyingi hutoa harufu hiyo hiyo ya samaki, na kwa kweli natamani mtu angeniambia mapema.

Nilizima swichi ya ukutani na kuichomoa. Jino la upande wa fyuzi lilikuwa limebadilika rangi likawa kahawia, na plastiki inayolishika ilikuwa imelainika mpaka jino linacheza. Kwenye soketi ya ukutani, tundu linalopokea jino hilo lilikuwa limezungukwa na doa la manjano lenye ukingo mweusi. Nikafungua plagi niangalie fyuzi ya ampea 13. Nzima kabisa.

Fyuzi hiyo nzima ndiyo iliyoniletea ushauri mbovu kutoka kila upande. Jirani akasema, "Dada, ingekuwa mzigo umezidi, fyuzi ingekatika. Hiyo ni soketi feki tu." Shemeji naye akarudia hayo hayo: fyuzi haijakatika, breka haijaanguka, basi umeme uko salama. Nikawaamini, nikaenda Kariakoo kununua ekstensheni nyingine yenye matundu sita, kila tundu na swichi yake na taa nyekundu. Ilikuwa nzuri kwa macho, elfu ishirini na kidogo. Baada ya wiki moja waya wake ulikuwa wa moto kama chupa ya uji. Nikausoma: umeandikwa `3x0.75`, yaani kila waya wa ndani una unene wa milimita za mraba 0.75. Waya wa namna hiyo ni wa taa, redio na chaja. Kwa plagi ya ampea 13 unatakiwa angalau 1.25, na mafundi wetu hupenda kutumia wa moja na nusu.

Nikamwita fundi wa kunitengenezea ekstensheni ya waya mnene. Akatumia waya wa 1.5, plagi nzito na soketi za kukaza kwa skrubu. Nikafurahi, kwa sababu waya sasa ulikuwa wa baridi hata birika likichemka. Lakini nilipogusa plagi ukutani, bado ilikuwa ya moto. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia: hata waya uwe mnene kama mkono, matundu yawe kumi, umeme wote bado unapita kwenye plagi moja ya ampea 13. Ekstensheni inaongeza mahali pa kuchomeka tu. Uwezo wa ile soketi ya ukutani unabaki ule ule.

Nilitaka kujua natumia kiasi gani hasa, na hapa najivunia njia niliyoitumia. Mita yetu ya Luku ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake imeandikwa `1000 imp/kWh`. Maana yake taa ikipepesa mara elfu moja umekwisha tumia uniti moja. Jumamosi nikazima kila kitu ndani, hata friji, nikamweka binti yangu jikoni na mimi nikakaa kwenye mita na saa mkononi. Alipowasha birika peke yake nilihesabu mipepeso 37 kwa dakika. Maikrowevu peke yake, ikiwa na bakuli la maji na joto la juu kabisa, ilitoa 19. Tosta 13. Tulipowasha vyote vitatu, taa ilipepesa mara 69. Nikazidisha kwa 60, nikapata 4,140 kwa saa, na nikigawa kwa 1,000 ni kilowati 4.14. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni ampea 18. Kama mita yako imeandikwa namba nyingine, gawa kwa hiyo namba.

Maikrowevu ndiyo iliyonishangaza. Kwa mbele imeandikwa wati 700, na mimi siku zote nilihesabu hizo. Nilipoigeuza nikakuta kibandiko cha nyuma kinasema inavuta wati 1,150. Zile 700 ni joto linalofika kwenye chakula, na kinachopita kwenye waya ni zile za nyuma.

Sasa kwa nini fyuzi ya 13 haikukatika kwenye 18? Fundi alinieleza vizuri. Fyuzi hiyo haikatiki pale pale unapovuka 13. Inaweza kubeba karibu 20 kwa muda mrefu sana, zaidi ya dakika za birika kuchemka na mkate kuiva. Breka ya mstari wetu ni ya 32, kwa hiyo 18 haiioni kabisa. Na joto haliongezeki sawa na umeme: ampea zikiwa mara mbili, joto mahali palipolegea linakuwa mara nne. Birika peke yake ni ampea 9 na nusu na ushee, vyote vitatu ni 18. Kila alfajiri nilikuwa naipa ile plagi joto karibu mara tatu na nusu ya lile la birika peke yake. Shaba ya ndani ya soketi ikipata joto inapoteza ukakamavu, haibani tena jino, na ikilegea inapata moto zaidi.

Wakati nikingoja ruhusa ya mwenye nyumba ya kuvuta mstari mpya wa umeme, nilibadilisha mpangilio wa asubuhi. Birika linachemka kwanza, maji yanaingia kwenye chupa ya chai, linazimwa, ndipo tosta na maikrowevu vinafuata. Viwili hivyo pamoja havifiki ampea 9, na mipepeso haikuzidi 32. Tulichelewa dakika nne hivi.

Baadaye fundi akavuta mstari mpya kutoka kwenye boksi la breka: waya wa mbili na nusu, breka yake ya 20, na soketi mbili za ukutani zilizo mbalimbali. Ile iliyoungua aliitoa, kwa sababu plagi mpya kwenye soketi iliyolegea ingeungua tena. Pamoja na ufundi ilikula laki na ushee, na mwenye nyumba alikubali kukata nusu kwenye kodi. Birika lina soketi yake kwenye mstari mpya, tosta ina ya pili, na maikrowevu imebaki kwenye mstari wa zamani, kwenye soketi mpya. Mstari mpya ukiwaka wote ni ampea 13 hivi, na kila plagi inabeba chombo kimoja.

Ile ekstensheni iliyoungua niliikata waya kabla ya kuitupa, maana vijana wanaookota vyuma wangeiuza. Ya Kariakoo iko sebuleni na runinga, king'amuzi na chaja za simu, na haijawahi kupata hata uvuguvugu. Kila birika linapozima, nagusa plagi yake kwa nyuma ya vidole. Mpaka leo ni vuguvugu kidogo tu, na naweza kuacha mkono hapo nikihesabu hadi thelathini.